Nukta Kumi na Tano

Sijamsamehe. Wengi wamenihimiza, wakiwemo wachungaji wawili na marehemu mama yangu, na wote niliwajibu kwa heshima kisha nikaendelea kama nilivyokuwa. Yule mzee amekwisha kufa. Nilikwenda mazishini, nikakaa viti vya mbele, na wasifu wake uliposomwa na kutajwa kwamba alikuwa bingwa wa lugha, nilikohoa kwa nguvu mpaka msomaji akanyamaza kidogo. Mnaotaka kujua sababu, ni hii.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kiogoro. Kiswahili nilikipenda tangu chuo cha ualimu, ingawa nyumbani kwetu hakuna aliyekizungumza ila mgeni akija. Kwa sababu hiyo hospitali moja ya misheni, upande wa Nyamira, iliniita wakati wa likizo nitafsiri vikaratasi vyake: jinsi ya kuchemsha maji, jinsi ya kumlisha mtoto aliyeachishwa ziwa. Kazi hizo zilikuwa nyepesi. Ukikosea neno moja kwenye uji wa wimbi, mtoto atakula uji mzito kidogo, basi.

Kikaratasi cha kipimo cha sukari hakikuwa hivyo. Wagonjwa wa sukari walikuwa wakipewa kisanduku cha kujipimia nyumbani. Ndani mlikuwa na kichupa chembamba cha kioo, mrija wa kudondoshea, chupa ya vidonge na kadi ya rangi. Unatia matone matano ya mkojo kwenye kichupa, unasuuza mrija, unatia matone kumi ya maji, kisha unaangusha kidonge kimoja. Kidonge kinachemka chenyewe bila moto, kama kimeingiwa na pepo. Mkojo usio na sukari unabaki buluu. Wenye sukari unageuka kijani, kijani cha matope, hudhurungi, mpaka rangi ya chungwa ambayo ndiyo mbaya kuliko zote kwenye kadi.

Nilikaa na muuguzi wa kliniki ya sukari, mama mmoja mnene mwenye saa ya kubana kifuani, tukakirudia kipimo hicho hadi nikakielewa kama ninavyoelewa kupika. Alinionyesha mahali pa hatari. Kwanza, rangi husomwa sekunde kumi na tano baada ya mchemko kukoma, kwa kutikisa kichupa taratibu na kukilinganisha na kadi. Ukichelewa, rangi inaendelea kubadilika na hiyo ya baadaye haina maana. Pili, na hapa alinishika mkono, huruhusiwi kuondoa macho wakati kinachemka.

"Tazama huu," alisema. Alikuwa amechukua mkojo wa mgonjwa aliyelazwa usiku uliopita. Kidonge kikachemka, maji yakapita kijani, yakawa chungwa kabisa, na kabla sijavuta pumzi chungwa likazama, yakabaki rangi ya matope ya kijani na hudhurungi.

"Kama ungekuwa unatazama dirishani," akasema, "ungekuta matope haya, ukaenda kwenye kadi, ukasema huyu ana sukari ya wastani. Kumbe imepita kadi yote. Sukari ikizidi sana, rangi inafika chungwa halafu inakimbia. Ukiliona chungwa likipita, usilinganishe tena. Andika kwamba imezidi, uje hospitali."

Basi nikaandika hivyo. Sentensi zangu nazikumbuka hata leo. "Tazama kichupa tangu kidonge kinapoanza kuchemka mpaka kitakapotulia. Usiondoe macho. Rangi ya chungwa ikitokea kisha ikapotea, sukari imezidi sana, hata kama rangi iliyobaki si mbaya. Mchemko ukikoma, ngoja sekunde kumi na tano, halafu soma. Kama huna saa, hesabu moja mpaka kumi na tano bila haraka." Hilo la kuhesabu tulilijaribu na akina mama waliokuwa kwenye foleni. Walihesabu kwa Ekegusii, lugha yetu, muuguzi akiangalia saa ya kifuani, na karibu wote walifika pale pale. Nilirudi Kiogoro nikiwa na furaha ambayo mwalimu huipata mara chache.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kufurahi. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Magwagwa, alikuwa na ugonjwa huo tangu ujana. Alijidunga insulini kila asubuhi, akaiweka chupa yake ndani ya chungu cha maji ili isipate joto. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka. Mwaka ule alikuwa na ya nne, na hii ilikuwa imekaa. Alikuwa amevuka miezi yote iliyomshinda hapo awali. Nilimwambia, "Dada, kikaratasi chako cha kupimia nimekiandika mimi." Akacheka, akasema basi atajipima akisikia sauti yangu ikimfokea kama nilivyowafokea wanafunzi.

Halafu nikapelekwa Nakuru kwenye mafunzo ya walimu, nikakaa huko miezi kadhaa.

Nikiwa huko, hospitali ilimpa mtu mwingine kazi ya kusahihisha lugha ya vikaratasi vyote kabla havijachapwa. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenye tai siku zote na kamusi kwapani. Alikuwa amesoma pwani miaka mitatu na alirudi akituona sisi wa bara wote tunaongea Kiswahili cha kuchungia mbuzi. Hakuwahi kukiona kipimo. Hakumwuliza muuguzi. Alikaa sebuleni kwake, akachukua kalamu nyekundu.

Sikujua lolote kuhusu haya mpaka niliporudi, nikakuta habari za msiba zikinisubiri. Dada alikuwa amezidiwa ghafla. Alitapika, akahema kama mtu aliyekimbia mlima, pumzi yake ikanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Walipomfikisha hospitali alikuwa hajitambui. Madaktari wakamrudisha. Mtoto hakurudi. Alizaliwa kimya, mvulana mkubwa, kamili, mwenye nywele.

Nilikwenda Magwagwa siku iliyofuata. Dada alikuwa amekaa nje ya jiko akimenya ndizi, mashavu yamebonyea. Nilichukua kisu, nikamsaidia. Asubuhi ya pili nilimwona anatoa kisanduku chake ajipime, nikakaa karibu naye. Alidondosha matone vizuri kabisa. Akaangusha kidonge. Kikaanza kuchemka, naye akakisimamisha kichupa kwenye kibao chake, akageuka, akarudi kwenye ndizi.

"Dada, mbona hutazami?"

"Bado. Haijafika."

Mbele ya macho yangu maji yakawa chungwa, yakawa matope.

"Imefika, dada! Soma sasa!"

"Tulia, mdogo wangu. Ni dakika kumi na tano." Akamwita mumewe, na shemeji akatoka ndani akiwa na saa yake mkononi, mtu mpole anayefanya kila kitu kwa makini, akasimama juu ya kile kichupa akihesabu dakika. Zilipotimia alisema, "Tayari." Dada akachukua kadi, akalinganisha yale matope na mraba wa katikati, akasema, "Wastani. Kama siku zote."

Kama siku zote. Daktari alikuwa akimwuliza kila kliniki, naye akajibu wastani. Mwanamke mjamzito mwenye sukari huhitaji insulini zaidi kila mimba inapokua, na daktari alisubiri majibu ya nyumbani yamwonyeshe lini aongeze. Majibu yalimwonyesha hakuna haja.

Nikaomba kikaratasi. Alinipa kimekunjwa vizuri. Nilisoma: "Mchemko ukikoma, ngoja nukta kumi na tano, kisha linganisha na kadi." Hakukuwa na sentensi ya kutazama. Hakukuwa na chungwa linalopita. Hakukuwa na kuhesabu.

"Nani alikwambia nukta ni dakika?"

"Niliuliza kule wanakotolea dawa. Mtoa dawa naye hakujua, akasema bila shaka ni dakika, maana nukta ya shuleni ni ile ya mwisho wa sentensi." Akanitazama. "Kwani sivyo? Mimi sikutaka kubishana. Nilijua ni karatasi yako."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonigeuza. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikaiuma kanga nisipige kelele. Nilipomaliza sikuwa na huzuni tena. Nilikuwa na kitu kingine, kigumu, na kilinipa nguvu kuliko chakula.

Ofisi ya hospitali iliponiambia nani alikisahihisha kikaratasi, kwanza nilikwenda nyumbani kwa yule mzee, maana nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Alinikaribisha kwa soda. Nilimwuliza kwa nini aliondoa sekunde.

"Binti," alisema, "sekunde ni neno la Kizungu lililovishwa kanzu. Tunalo neno letu. Nukta. Fungua kamusi yoyote."

"Na nukta ilivaa nini ilipotoka Uarabuni?"

Akatabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto. Nikauliza, "Na ile habari ya kutazama?"

"Ilikuwa marudio. Ukisha kumwambia mtu asome rangi, umemwambia atazame. Na kuhesabu moja mpaka kumi na tano, hayo ni mambo ya chekechea. Tunaandikia watu wazima."

"Dada yangu alifiwa na mtoto kwa ajili ya karatasi hiyo."

Alirekebisha tai yake. Kama angesema pole wakati ule, pengine nisingekuwa na la kuwasimulia. Alisema, "Watu wetu hawasomi kwa makini, hiyo ndiyo shida." Nikaiacha soda yake bila kuigusa, nikaondoka.

Nilipata habari kwamba hospitali ingefanya mkutano wa wahudumu wake wote katika ukumbi mmoja mjini Kisii: wauguzi, watoa dawa, walimu, akina mama wa makanisa. Yule mzee angetangazwa kuwa msimamizi wa vikaratasi vyote vya Kiswahili. Nilimwendea muuguzi mwenye saa ya kifuani. Alipokiona kikaratasi kilichochapwa alikaa chini pole pole, akakisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Unataka nini?"

"Nataka apime mwenyewe. Mbele ya watu."

Hakusita. Alinifundisha la kufanya. Sukari ya chai haingefaa, kwa maana kidonge hakiitambui. Tulihitaji glukosi, ule unga wa mkebe unaouzwa madukani. Tukaikoroga kwenye maji mpaka ikazidi kabisa kiwango cha mwisho cha kadi. Tuliijaribu. Chungwa likaja, likakimbia. Tulitazamana, na sitaficha, tulicheka.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Alipomaliza hotuba yake juu ya usafi wa lugha, watu wakapiga makofi, nami nikasimama. Nilimwita mheshimiwa. Nilisema sisi walimu wa vijijini tungependa kuona kipimo kikifanywa na mtaalamu kwa kufuata karatasi yake, ili tukawaeleze watu. Daktari mkuu wa hospitali akaona ni wazo zuri. Muuguzi akaleta kisanduku. Mzee hakuweza kukataa, na nadhani hakutaka; alipenda kutazamwa.

Alisoma karatasi kwa sauti nzuri, akadondosha matone, akaangusha kidonge. Kilipoanza kuchemka alikuwa amekishika kichupa chini. Karatasi yake yenyewe ilisema kishikwe juu, kwa sababu chini hupata moto mkali. Niliona vidole vyake viko wapi. Ningeweza kusema. Sikusema. Aliruka, akakiachia, muuguzi akakidaka kwa kitambaa na kukisimamisha kwenye kibao bila kumwaga. Mzee akapuliza vidole, akatabasamu, akawageukia watu awaambie jambo la kuchekesha kuhusu sayansi. Hakutazama kichupa. Kwa nini atazame? Karatasi yake haikumwambia.

Nyuma ya mgongo wake chungwa lilikuja, likapita. Wale wa viti vya mbele waliliona. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Ee, imegeuka!"

"Subirini," alisema mzee, akanyanyua mkono wenye saa. "Nukta kumi na tano."

Hapo nikauliza. "Samahani, mheshimiwa. Kabla hujasoma, naomba walio hapa watuambie nukta ni nini."

Mwalimu mmoja akasema ni alama ya mwisho wa sentensi. Mtoa dawa akasema ni dakika. Mama wa kanisa akasema ni matone, ndiyo maana yeye huongeza matone kumi na tano ya maji mwishoni. Ukumbi ukavuma. Fundi cherehani mmoja, aliyehamia Kisii kutoka Mombasa na aliyekuwa ameletwa na mkewe muuguzi, akasema kwa upole, "Ni sekunde. Nyanya yangu alisema hivyo."

"Mnaona!" mzee akasema. "Liko kwenye kamusi!"

"Liko," nikasema. "Wamelijua wangapi humu? Mmoja. Na humu wamekaa wauguzi. Sasa soma, mheshimiwa. Wewe unaijua nukta."

Akatikisa kichupa, akakiweka kando ya kadi, akasogea dirishani penye mwanga. Alichukua muda. "Wastani," alisema.

Muuguzi alisimama. Alieleza kwa sauti ya kazini ni glukosi kiasi gani iliyokuwamo, na kwamba ingekuwa mkojo wa mtu, mtu huyo angetakiwa kuletwa hospitali leo hii. Akaeleza chungwa linalopita. Wale wa viti vya mbele wakaanza kusema, "Tuliliona, tuliliona." Daktari mkuu, Mzungu mrefu aliyejua Kiswahili kizuri kuliko alivyoonyesha, akachukua kikaratasi na kukisoma taratibu kutoka juu hadi chini, halafu akaninyooshea mkono. Nilikuwa na tafsiri yangu ya kwanza mkobani. Akaisoma nayo.

"Nani aliitoa sentensi ya kutazama?"

Mzee alisema ilikuwa marudio. Alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba waliokuwa nyuma wakauliza, "Amesema nini?" Nami nikawarudishia kwa sauti ya darasani: "Anasema ilikuwa marudio."

Sikuwaambia habari za dada yangu. Nilikuwa nimejiapiza kutolitoa jeneza la mtoto wake kwenye ukumbi. Lakini Kisii si kubwa. Walijua.

Vikaratasi viliondolewa kwenye zahanati zote, wagonjwa wakaitwa wafundishwe upya kwa mikono yao, na tafsiri yangu ikachapwa kama nilivyoiandika. Yule mzee hakupewa usimamizi. Daktari aliponiambia hayo aliniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia bado. Nilitaka yule mzee aende Magwagwa.

"Sijui kama mtoto angeishi," daktari alisema. "Nataka ulielewe hilo. Siwezi kuapa."

"Mimi naapa," nikasema.

Mzee alikwenda. Sijui kama alitumwa au alisukumwa na dhamiri, na sijali. Nilikuwapo, kwa kuwa dada alinitumia habari. Alikuja na tai yake, viatu vimejaa udongo mwekundu, akabeba mkate na sukari, kisha akakumbuka sukari ile anampelekea nani, akairudisha mkobani. Shemeji alimpa kiti. Dada hakumkaribisha chai. Kwetu hilo ni tusi zito, na yeye alilijua.

Alianza, "Mama, nimekuja..."

"Ngoja," dada akasema. Aliingia ndani, akatoka na kisanduku chake. Alidondosha matone, akaangusha kidonge. "Tazama," akamwambia. "Usiondoe macho."

Tulitazama wote wanne. Insulini yake ilikuwa imerekebishwa. Maji yalibaki kijani na hayakuvuka hapo. Mchemko ukakoma. Dada akahesabu kwa sauti, kwa Ekegusii, bila haraka, moja mpaka kumi na tano. Akatikisa, akalinganisha na kadi, akamwonyesha.

"Umeona ni muda gani?"

"Nimeona, mama."

"Ni mfupi. Mtu huwezi hata kumenya ndizi moja." Akaanza kusuuza kichupa. "Ulitaka kusema nini?"

Mzee alifungua mdomo. Akasema anasikitika, kwamba nia yake ilikuwa njema, kwamba neno lile kwa kweli...

"Neno liache," dada akasema. "Nenda nyumbani, tata."

Alimwita baba, kwa adabu yote, akampa mgongo. Mzee alisimama pale akiwa na mkate, hajui pa kuuweka. Mwishowe aliondoka nao.

Njiani nilimsindikiza mpaka barabarani, si kwa wema. Nilitaka kuona uso wake. Aliniuliza, "Mwalimu, utafurahi lini?" Nilimwambia sikuwa nimekuja kutafuta furaha. Na tangu siku hiyo, kila mahali jina lake lilipotajwa kwa kazi ya maandishi, kwenye kanisa, kwenye shule, kwenye kamati, nilinyanyua mkono na kuuliza kama atapewa kitu ambacho mtu atakitegemea kwa uhai wake. Nilifanya hivyo miaka mingi. Watu walisema nina roho mbaya. Alibaki na tungo za sherehe na mashairi ya harusi, mahali ambapo nukta haimuui mtu.

Dada hakupata mimba nyingine. Aliishi mpaka nywele zake zikawa nyeupe, akafundisha wanawake wengi wa Magwagwa kujipima, akiwagonga vidole kwa mwiko wakigeuza macho. Kuhusu yule mzee hakusema tena neno lolote, jema wala baya. Nilimwuliza mara moja kama amemsamehe. Alikuwa akichagua mboga za chinsaga, akaniambia nimpe ungo.